Nywila ya Wi-Fi unayo. Namba hizi tatu je?

Nywila inakufungulia mlango tu. Ukishaingia, ruta huipa kompyuta yako namba tatu. Kwenye Windows zitazame kwa kufungua Command Prompt na kuandika hivi:

```
ipconfig
```

Anwani ya IP, tuseme 192.168.1.23, ni ya kifaa chako. Vifaa viwili vikishika namba moja, mtandao hukatikakatika.

Subnet mask 255.255.255.0 inasema 192.168.1 ni mtaa, na namba ya mwisho, 1 hadi 254, ni nyumba.

Gateway, mara nyingi 192.168.1.1, ni ruta yenyewe: njia ya kutokea kwenda intaneti. Ukiikosea, printa ya chumba cha pili itachapa vizuri, lakini tovuti hazifunguki. Hili huwachanganya wengi.

Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haikupata namba kutoka kwa ruta. Zima Wi-Fi, uiwashe tena.