YAH: MAKATO YA SH. 324,000 KWA KUCHELEWESHA MADAWATI

Uyole, Mbeya
24 Machi 2025

Ndugu Mgavi,

Barua hii inafuta ile ya 17 Machi, ambayo haikuonyesha hesabu.

Madawati 150 (Sh. 18,000,000) yalitakiwa kufika 3 Machi, tuliyapokea 12 Machi. Ni siku 9, Jumapili ikiwemo, kwa kuwa kifungu cha 14.2 cha mkataba kinahesabu siku za kalenda na kutoza asilimia 0.2 kwa siku:

Sh. 36,000 × 9 = Sh. 324,000

Utalipwa Sh. 17,676,000. Mvua tunazijua, ila maombi ya kuongezewa muda yalipaswa kutufikia kabla ya 3 Machi. Pingamizi, kama lipo, lije kwa maandishi kufikia 31 Machi pamoja na nakala ya hati ya makabidhiano.

Ofisa Ununuzi