Kabla fedha haijatoka kwenye sanduku: mazungumzo kuhusu virutubisho na akina mama wa VICOBA, Kihonda

Mwenyekiti, mweka hazina, mama zangu shikamooni, na wadogo zangu habari za Jumamosi. Asanteni kwa kunipa nafasi kabla ya kununua hisa.

Nimesikia kuna mikopo ya dharura iliyoishia kwenye makopo ya virutubisho. Sikuja kumsema mtu. Nafanya kazi zahanati, na najua mtu aliyeumwa mgongo miezi sita atatoa chochote apate nafuu. Wauzaji nao wanalijua hilo, na wanajua siku ya kikundi fedha ipo.

Nianze na vile vyenye kazi. Mjamzito anahitaji madini ya chuma na foliki asidi, na kliniki anapewa bila malipo: ndivyo vile vidonge vya FEFO. Foliki asidi humkinga mtoto na mgongo wazi, na kinga hiyo inahitajika wiki za mwanzo kabisa, hivyo anayepanga kubeba mimba aje mapema, asisubiri tumbo lionekane. Msivimeze kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Tumieni maji, na chungwa likiwepo ni vizuri zaidi. Viwekeni mbali na watoto, kwa sababu chuma kikizidi ni sumu kwao. Na mwenye kisukari aliyetumia metformin kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, basi aulize kama anapaswa kupimwa.

Hapo kote mmeona kuna upungufu unaojulikana na kuna kiasi kinachojulikana. Kirutubisho kinajaza pengo. Kama pengo halipo, fedha yako inapotea, na wakati mwingine unajidhuru: vitamini A ikizidi kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto tumboni.

Sasa ile mashine. Mnaijua: unashika chuma mkononi, kompyuta inazunguka kidogo, inatoka karatasi yenye orodha ndefu. Ini lina mafuta, mishipa imeziba, kizazi kina sumu. Damu hakutolewa mtu, mkojo hakuna, hata shinikizo la damu halikupimwa. Dada zangu, kushika chuma hakuwezi kuonyesha hayo. Sukari tu, jambo dogo, inahitaji tone la damu. Na angalieni nani anayepima: ndiye huyohuyo mwenye begi la makopo. Mtu akinipima na kuniuzia hapohapo, mimi naondoka.

Kisha sikilizeni maneno yao. Kopo moja linatibu kisukari, presha, uvimbe wa kizazi na nguvu za kiume? Magonjwa hayo yana visababishi tofauti kabisa. "Ni asili, haina madhara"? Mihogo michungu nayo ni ya asili. Ukiharisha au ukiumwa kichwa wanasema sumu zinatoka. Mkojo ukiwa wa njano kali wanasema hivyohivyo, kumbe ni vitamini B2 iliyozidi, mwili unaitupa. Na wakikutaka uandikishe watu wawili chini yako ndipo upate punguzo, jueni faida yao inatoka mifukoni mwa shoga zenu.

Linalonitisha zaidi ni pale kopo linapofanya kazi haraka mno. Dawa za kupunguza unene zimewahi kukutwa na sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Za viungo zimekutwa na steroidi, na za kina baba zimekutwa na sildenafili, ambayo kwa anayetumia dawa fulani za moyo inaweza kushusha presha hadi akafa. Kwenye lebo hakuna hata neno moja la hayo.

Na yule atakayekwambia uache dawa za presha, za kisukari au ARV, mfukuzeni. Nawaomba kwa moyo wote. Tumempokea mama aliyeacha vidonge vya presha kwa ajili ya chai ya mitishamba. Amekuja mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki.

Tupige hesabu. Kopo la mwezi mmoja shilingi 90,000. Hisa yenu ni 5,000, hivyo hilo ni hisa 18. Au ni trei nane za mayai kwa bei ya 11,000, na chenji ya mchicha inabaki. Ukiongeza dagaa na maharage, familia nzima imekula, si mtu mmoja.

Pendekezo langu kwa kikundi: anayeomba mkopo wa kununua kirutubisho aje kwanza na majibu ya kipimo kutoka zahanati au hospitali. Na kitu kikidai kutibu, hicho ni dawa, basi ulizeni usajili wake TMDA. Muuzaji akianza kukasirika, mmeshapata jibu.

Mwenyekiti aliwaomba mje na makopo mliyonayo nyumbani, na nayaona hapo mkekani. Tuyasome moja moja, tuone kilichoandikwa na kisichoandikwa. Aliyenunua asione haya. Anayetumia dawa yoyote ya hospitali aanze yeye, anitajie na jina la dawa hiyo.