Kusoma lebo ya dawa kwa picha ya simu: majibu kwa wahudumu wa afya wa Mbagala

Majibu haya yametoka kwenye kikao chetu cha mwisho wa mwezi na kwenye maswali mliyoniuliza njiani tukitembelea kaya. Nimeyaandika kwa ajili ya wenzetu wapya watakaoanza wiki ijayo.

Kwa nini tupige picha wakati dawa ipo mkononi?

Kwa sababu maandishi ya kwenye dawa ni madogo, na bibi anayelea wajukuu wanne hawezi kuyaona hata akivaa miwani. Picha unaikuza kwa vidole viwili mpaka herufi moja inatosha kidole gumba. Faida ya pili ni kwamba picha inabaki. Duka la dawa likimkatia mama vidonge vinne kutoka kwenye karatasi nzima, mara nyingi kile kipande hakina jina wala tarehe. Basi mfundishe aombe kupiga picha karatasi nzima kabla haijakatwa. Muuzaji mzuri hakatai.

Nani ashike simu?

Mwenye nyumba. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ukishika wewe, ukasoma wewe, ukaeleza wewe, ukiondoka umeondoka na elimu yako. Mwambie, "Mama, piga wewe, kisha unionyeshe tarehe iko wapi." Akikosea mwache atafute kidogo. Kama mama hasomi kabisa, mwite mtoto wa darasa la tano asome kwa sauti, lakini mama ndiye aoneshe kwa kidole. Wengi wasiojua kusoma wanazijua tarakimu vizuri, maana wanahesabu fedha na kutuma pesa kwa simu kila siku. Anzia hapo.

Picha inatoka na mng'ao mweupe, hakuna kinachoonekana.

Zima taa ya kamera. Karatasi ya vidonge inang'aa kama bati, taa ikiipiga inarudisha mwanga. Sogea mlangoni penye mwanga wa mchana, laza dawa juu ya khanga au daftari, inamisha simu kidogo. Gusa maandishi kwenye kioo ili kamera iyalenge. Chupa ya duara ipige picha mbili au tatu huku ukiizungusha. Tarehe iliyogongwa bila wino, ile ya kupapasa, inaonekana vizuri mwanga ukitoka ubavuni. Na futa kioo cha kamera kwanza! Nusu ya picha mbovu ninazoletewa ni mafuta ya mkono tu.

Familia isome nini kwanza?

Jina la dawa, nguvu yake, tarehe ya mwisho, kisha maelekezo. Jina kubwa la rangi ni la biashara. Jina la dawa yenyewe huandikwa chini yake kwa herufi ndogo, na ndilo la kutafuta. Kuna mama alikuwa anampa mwanawe dawa ya mafua na dawa ya homa kwa pamoja. Tulipokuza picha zote mbili tukakuta neno lilelile, Paracetamol. Mtoto alikuwa anapata dozi mbili za kitu kimoja, na paracetamol ikizidi inaumiza ini.

Tarehe ya mwisho hutanguliwa na EXP, ya kutengenezwa na MFG au MFD. Ikiandikwa EXP 08/2027 bila siku, dawa inatumika mpaka mwisho wa mwezi huo wa nane. Ila waeleze kwamba tarehe hiyo ni ya dawa iliyofungwa na kutunzwa vizuri. Dawa ya unga ya mtoto ikishachanganywa na maji hudumu siku chache tu, mara nyingi 7 hadi 14, kama lebo inavyosema. Waandike kwenye chupa siku waliyoichanganya, kisha waipige picha tena.

mg na ml vina tofauti gani? Wanavichanganya kila mara.

Nenda taratibu hapa. mg ni uzito wa dawa, ml ni wingi wa maji yaliyoibeba. Paracetamol ya maji ipo ya 120 mg kwa kila 5 ml, na ipo ya 250 mg kwa kila 5 ml. Kipimo kilekile cha 5 ml kutoka chupa ya pili kinabeba zaidi ya mara mbili ya dawa. Mimi huwaambia ni kama chai: vikombe ni sawa, kimoja kina kijiko kimoja cha sukari, kingine kina viwili. Kwa hiyo chupa mpya, hata ikifanana na ya zamani, ipigwe picha na namba zilinganishwe. Na 5 ml ipimwe kwa kizibo cha kupimia au bomba lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.

Kwenye bahasha wameandika 1x3, au 1x3x5/7. Tuelezeje?

1x3 ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Ile 5/7 ni siku tano, lakini baba mmoja Rangi Tatu aliisoma kama tarehe 5 mwezi wa saba, akawa anasubiri. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyemwambia.

Tatizo kubwa zaidi ni la saa. "Kila baada ya saa 8" watu huisikia kama "saa 8 mchana", wakatoa dawa mara moja kwa siku. Usiishie kusema; panga nao: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kisha wekeni kengele kwenye simu, na hapo pia angalia, kwa sababu simu huandika 06:00, 14:00 na 22:00. Hata kitochi kina kengele.

Dawa ya mseto ya malaria ina utaratibu wake. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Akianza saa 3 asubuhi, ya pili ni saa 11 jioni, halafu kesho na keshokutwa saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Jumla dozi 6, na zinywewe pamoja na chakula au maziwa. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo msikisie kwa kumtazama.

Wakinitumia picha kwa WhatsApp wakiuliza "hii ni ya nini?"

Wasaidie kusoma kilichoandikwa. Kusema mgonjwa ameze au asimeze siyo kazi yetu. Mwelekeze kwa mfamasia au zahanati. Dawa isiyosomeka, iliyobadilika rangi au iliyokwisha muda, mwambie asitumie na airudishe. Akieleza kwamba mtoto ameshameza dawa nyingi, ana degedege au haamki, msianze kutumiana picha. Waende kituo cha afya muda huohuo, na dawa yenyewe mkononi.

Je, tuweke picha hizo kwenye kundi letu ili wengine wajifunze?

Hapana. Bahasha ina jina la mtu, na dawa nyingine zinataja ugonjwa wake bila kusema neno. Dawa za VVU au kifua kikuu zikionekana kwenye kundi, mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Picha ibaki kwenye simu ya familia. Ukitumiwa, ukishasaidia ifute mbele yake kama mko pamoja, na pia kwenye sehemu ya picha zilizofutwa. Kwa mafunzo tumieni boksi tupu lisilo na jina. Ninayo saba kwenye mkoba, njooni mchukue.