Salamu za kufungua kipindi, Jumamosi jioni, mwezi wa mahindi

Hujambo? Haya, mimi pia sijambo. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye mkubwa, marahaba, nimeipokea hata kabla hujaitoa.

Saa 12 na nusu jioni hii kuku umeshawafungia, moto unawaka, na redio umeiweka pale dirishani inaposhika vizuri. Usinyanyuke bado. Endelea na mboga zako, tuzungumze mimi na wewe.

Agosti hii, kuanzia Mbozi mpaka Songea, mahindi yako kwenye maturubai, na najua unachojiuliza ukiyatazama: yamekauka, niyafunge? Umeng'ata punje, ikalia ka! Ukaridhika. Ndugu yangu, jino linadanganya. Punje hutangulia kukauka ganda, huku ndani bado ina unyevu. Ukiifunga hivyo, gunia linapata joto, ukungu unaingia, na nyuma yake sumukuvu, ambayo huwezi kuiona wala kuipika ikaisha.

Kwa hiyo leo nataka tupime pamoja, hapo hapo ulipo. Tafuta chupa ya kioo ya mdomo mpana yenye kifuniko, kama ile ya asali, ya mililita 750 hivi. Ifute iwe kavu kabisa. Tia mahindi yafike theluthi moja, kisha chumvi vijiko vikubwa 2 au 3.

Ngoja, hiyo chumvi. Ile inayokaa karibu na sufuria hunyonya mvuke. Ukiitumia ilivyo, itashika kwenye kioo hata kama mahindi hayana kosa, nawe utarudisha juani mzigo uliokwisha kukauka. Ikaange kidogo kwenye sufuria kavu, iache ipoe, ndipo uitie. Funga, tikisa kwa nguvu dakika 1, weka chini, usiiguse dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15: kesho yarudi kwenye turubai. Ikishuka yote chini, umekaribia, ila kwa mifuko isiyopitisha hewa tunataka 13 hivi, kwa hiyo usikimbilie kufunga. Jua la siku moja zaidi halitakupotezea kitu.

Wakati chupa imetulia, nitakueleza habari ya dumuzi, yule mdudu tunayemwita scania, anayeacha unga chini ya gunia, na kwa nini mfuko usiopitisha hewa humuua bila dawa hata chembe. Pia kosa linalouharibu mfuko huo mpya: kufunga tabaka zote kwa kamba moja badala ya kukamua hewa na kufunga kila tabaka peke yake.

Lakini hayo baadaye. Kwanza kalete chupa, nakusubiri.

Umeipata? Kifuniko kimekaza? Haya, tikisa.