Malalamiko kwa LATRA: tiketi imeandikwa 38,000, tumelipa 55,000

Zuhura Athumani,
Kiborloni,
Moshi.

13 Januari 2025

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA),
Dodoma.

K.K. Ofisi ya LATRA,
Mkoa wa Kilimanjaro.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KUTOZWA NAULI ZAIDI YA ILIYOIDHINISHWA, SAFARI YA DAR ES SALAAM KWENDA MOSHI, 21 DESEMBA 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba yangu na ya abiria wenzangu kumi ambao sahihi zao zimo mwishoni mwa barua hii. Jumla, pamoja na tuliowalipia, tulikalia siti 14 ndani ya basi moja. Jina la kampuni, namba ya usajili wa basi na namba ya simu iliyopokea fedha nimeziandika kwenye karatasi ya peke yake, Kiambatisho A. Nimefanya hivyo kwa sababu nakala ya barua hii inapita mikononi mwa watu wengi, na sitaki kampuni ianze kuhukumiwa kwenye makundi ya simu kabla ninyi hamjaisikiliza.

Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Desemba, saa 11 alfajiri, nilifika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, pamoja na mama yangu mzazi. Nilikuwa nimepiga simu siku mbili kabla nikaambiwa nauli ni shilingi 38,000 na siti zipo. Dirishani wakala akaniambia bei ni 55,000 kwa kila mmoja. Nikamwonyesha jedwali la nauli lililobandikwa ukutani, hatua mbili kutoka alipokaa. Alinijibu hivi, na waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walisikia: "Dada, hiyo ni ya kusoma. Ukitaka bei ya LATRA njoo Januari."

Ningeweza kuondoka. Ila mama ana miaka 71, amefunga mizigo tangu usiku, na kila dirisha lililofuata lilikuwa na bei ileile au zaidi. Anayeijua Mbezi wiki ya Krismasi, watu wanapopanda nyumbani Kilimanjaro, anajua kwamba mtu hachagui pale. Nikalipa 110,000 kwa simu, kwenye namba aliyonitajia wakala. Haikuwa namba ya malipo ya kampuni. Jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi.

Kisha akanipa tiketi mbili za mashine. Kila moja imeandikwa 38,000.

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, na naomba pasomwe taratibu. Kama wakala angeandika 55,000 kwenye tiketi, kosa lingeonekana kwa yeyote anayekagua. Alichofanya ni kuandika nauli inayoweza kutetewa na kuchukua nyingine. Mfumo wa tiketi mtandao, ambao Mamlaka imeupigania kwa muda mrefu, kwa njia hii unageuzwa kuwa ushahidi wa upande wa kampuni: karatasi safi, hesabu safi, huku shilingi 17,000 kwa kila siti zikipita pembeni. Nilipouliza tofauti ni ya nini, niliambiwa ni "hela ya siti". Aliyefuata nyuma yangu aliambiwa ni ya mzigo, naye alikuwa na begi la mgongoni tu.

Sasa nije kwenye nauli yenyewe. Viwango mlivyotangaza, vilivyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2023, ni shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita kwa daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Nikichukua Dar es Salaam hadi Moshi kuwa kama kilomita 560, daraja la kati linakuja karibu 38,000, yaani ile iliyoandikwa kwenye tiketi. Daraja la kawaida linakuja kama 27,000. Hesabu hii ni yangu ya kalamu na simu, na kilomita kamili mnazo ninyi kwenye jedwali. Lakini hata nikiipendelea kampuni nikaongeza kilomita ishirini, siifikii 40,000. Hiyo 55,000 haitokani na daraja lolote kati ya hayo mawili.

Tena nina shaka kama lile basi ni la daraja la kati. Viti vilikuwa vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine, kiyoyozi hakikuwashwa hata mara moja, na tulisafiri madirisha wazi tukila vumbi la magari ya mbele. Picha ya ndani ya basi ni Kiambatisho C. Naomba Mamlaka iangalie leseni ya basi hilo imeandikwa daraja gani. Ikiwa ni la kawaida, basi tulichozidishiwa si 17,000 kwa mtu. Ni karibu 28,000.

Kuna mama aliyekaa mbele yetu na mtoto wa miaka minne. Alitozwa 55,000 yake na 20,000 ya mtoto. Mtoto hakupewa siti wala tiketi. Alipakatwa kutoka Mbezi mpaka Moshi.

Tulipokaribia Korogwe konda alisimama katikati ya basi akatutangazia kwamba mbele kuna ukaguzi, na "mkiulizwa semeni 38, kama ilivyo kwenye tiketi, tusicheleweshane". Ofisa wa usalama barabarani aliingia, akauliza abiria wa siti za mbele wamelipa kiasi gani, akaonyeshwa tiketi, akashuka. Hakuna aliyesema kitu. Mimi pia sikusema, na nakiri hapa kwa sababu kampuni huenda ikaja kuuliza kwa nini hatukulalamika papo hapo. Basi zima linataka kufika. Ukiinua mkono wewe ndiye uliyechelewesha watu, na konda ndiye mwenye ufunguo wa buti lenye mizigo yako. Baada ya Korogwe ndipo watu walianza kusemezana, na kufika Same tulikuwa tumeshaandikiana majina na namba kwenye daftari la mwanafunzi mmoja wa chuo. Daftari hilo ndilo limezaa barua hii.

Sikuja kwenu moja kwa moja. Tarehe 23 Desemba nilipiga simu ofisi ya kampuni Moshi. Nikaambiwa nisubiri sikukuu ziishe. Tarehe 2 Januari nilipeleka barua kwa mkono, na nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa ni Kiambatisho D. Tarehe 8 nilijibiwa kwa simu kwamba kampuni "haimtambui" aliyepokea fedha, kwamba huyo ni mpiga debe wa stendi, na kwamba wao wanachojua ni 38,000 iliyo kwenye tiketi. Nikaomba jibu hilo liandikwe. Mpaka leo halijaandikwa.

Utetezi huo haunipi usingizi. Mpiga debe hakai ndani ya ofisi ya kampuni, hatumii mashine ya tiketi ya kampuni, wala hapangi siti kwenye basi la kampuni. Na kama kampuni haikujua, konda wake alijuaje cha kutufundisha kabla ya Korogwe? Inawezekana kabisa mwenye mali hapati hata senti ya zile 17,000. Sitashangaa. Lakini hayo ni kati yake na watu aliowaweka dirishani. Leseni mmempa yeye.

Ushahidi nilio nao ni huu: tiketi zangu mbili na za wenzangu (Kiambatisho B, kurasa 5), na ujumbe wa malipo ya simu wa abiria saba kati yetu, unaoonyesha saa, kiasi na namba iliyopokea. Ujumbe wote saba una namba moja. Wanne waliobaki walilipa taslimu, nao wameandika maelezo yao kwa mkono. Naamini pia kuwa mfumo wenu wa kufuatilia mwenendo wa mabasi utathibitisha basi hilo lilitoka Mbezi asubuhi ile na lilisimama Korogwe. Orodha ya abiria wa safari hiyo iko kwenye mfumo wa tiketi, na namba za simu zimo. Mkiwapigia hata kumi tu wasio kwenye daftari letu mtasikia habari ileile. Basi lilikuwa limejaa. Kwa siti kama 60, mara 17,000, ni zaidi ya shilingi milioni moja kwa safari moja ambazo hazipo kwenye tiketi yoyote, na ambazo sidhani kama watu wa kodi wanazijua.

Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 iliyoanzisha Mamlaka imewapa ninyi kazi ya kupanga na kusimamia nauli. Kwa hiyo tunaomba, kwanza, kampuni irudishe kilichozidi: 238,000 kwa siti 14, pamoja na 20,000 ya yule mtoto, na kiasi hicho kiongezwe ikibainika basi ni la daraja la kawaida. Fedha zirudi kwa simu kwenye namba zilezile zilizolipa, na kwa waliolipa taslimu kwenye namba walizoandika, si kwa kuitwa stendi kuja kupanga foleni. Tunaomba pia aliyepokea fedha atambuliwe ni nani na yuko chini ya nani, na kampuni ichukuliwe hatua za leseni kadiri kanuni zinavyoruhusu.

Ombi la mwisho ni langu mwenyewe, wenzangu hawakulijadili. Wakaguzi wakipanda basi wasiulize nauli kwa kutazama tiketi. Waombe abiria wawili watatu waonyeshe ujumbe wa malipo kwenye simu zao, mbali na konda. Pale Korogwe ingechukua dakika mbili, na mimi ningeonyesha bila kufungua mdomo.

Nipo tayari kufika ofisi yenu ya Moshi siku yoyote ya kazi, na wenzangu watatu wanaoishi mjini wamekubali kuja. Namba yangu ya simu ni ile iliyo kwenye tiketi. Mama hataweza kuja, lakini maelezo yake nimeyaandika naye ameweka dole gumba.

Naomba kujulishwa kwa maandishi namba ya jalada la malalamiko haya na tarehe ambayo kampuni imetakiwa kujibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Zuhura Athumani
Kwa niaba ya abiria 11 (sahihi kwenye ukurasa unaofuata)

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini