Simu ikisema mvua asilimia 60: maswali ya wakulima wa Lushoto

Haya ni maswali tuliyoulizwa zaidi na vikundi vya wakulima kabla ya masika.

Bwana shamba, simu iliandika asilimia 60 na kwangu halikudondoka hata tone. Si uongo huo?
Si uongo. Chukua siku kumi zilizoandikiwa 60: katika siku kama sita utanyeshewa hapo ulipo, katika nne hutanyeshewa. Wewe uliangukia kwenye zile nne. Tena milima yetu hii, mvua hulowesha mteremko mmoja, wa pili ukabaki vumbi. Usiuhukumu utabiri kwa siku moja. Weka daftari: andika kila siku iliyopewa 60, na kando yake kama ilinyesha au la. Zikifika siku thelathini, hesabu. Kama zilizonyesha ziko karibu na 18, simu yako inasema kweli.

Kwa hiyo itanyesha asilimia 60 ya siku? Au ya wilaya?
Hapana, si ya siku wala ya wilaya; ni uwezekano wa kunyesha hapo ulipo. Ila angalia ni ya saa zipi: ya usiku haikuzuii kupalilia asubuhi.

Asilimia 80 ni mvua kubwa kuliko 30?
Hapa ndipo watu wanapoteza mbegu, na inaniuma kila msimu. Asilimia inasema kama itanyesha, kiasi haikigusi. Ile 80 yaweza kuwa manyunyu ya kutuliza vumbi, na ile 30 ikaja na radi na kubomoa matuta. Kiasi kinasomwa kwenye milimita. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hivyo milimita 20 kwenye ekari ni lita 80,000 hivi. Na kabla ya kupanda, piga jembe uchimbe. Ukikuta udongo mkavu chini ya urefu wa kiganja, subiri, hata kama jirani ameshaanza.

Utabiri ni 30. Nianike maharage?
Jiulize utapoteza nini. Turubai liko uani na mama yupo nyumbani wa kulikunja? Anika. Nyote mnakwenda gulioni? Usianike, maana maharage yakilowa yanaota na kuoza. Kwa 30 hiyohiyo, mwenye kupalilia aende tu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema masika "chini ya wastani" asilimia 45, nisilime?
Lima. Utabiri wa msimu una mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Bila taarifa yoyote kila fungu lina 33 hivi. Hiyo 45 inaonyesha msimu umeelemea upande wa ukavu, lakini bado 55 ziko kwenye mafungu mengine mawili. Mimi ningepanda sehemu kubwa mbegu ya mahindi inayokomaa mapema, ile ya muda mrefu nikaiweka bondeni kwenye unyevu, na mbegu kidogo ningeibakiza ndani ya kurudishia, mvua za kwanza zikikatika.