Tathmini yangu ya mwaka 2024, stoo ya dawa

Shikamoo Matroni. Hii ndo tathmini yangu ya mwaka. Kila ninachodai humu kipo kwenye leja au kwenye faili la stoo, ukitaka kukagua njoo muda wowote nikutolee.

Kikubwa nilichofanya mwaka huu ni kubadili tunavyoagiza. Zamani tulikuwa tunaangalia mwezi uliopita zimetoka ngapi, basi tunaagiza hivohivo, na shida yake ni kwamba dawa ikiisha katikati ya mwezi leja inaonyesha imetoka kidogo wakati wagonjwa walikuwepo ila dawa ndo haikuwepo, mwezi unaofuata tunaagiza tena kidogo na inaisha tena. Chukua siropu ya amoksilini mwezi wa nne. Zilitoka chupa 200, ukiangalia hivihivi unasema tunahitaji 200, lakini stoo ilikuwa nayo siku 20 tu kati ya 30, kwa hiyo ni chupa 10 kwa siku na mahitaji halisi ya mwezi ni 300. Chupa 100 zote hizo ni watoto ambao wazazi wao tuliwaambia wakanunue nje. Toka mwezi wa tano naagiza kwa hesabu hii, natoa kilichopo na kilichoko njiani. Kwenye zile dawa 40 tunazozifuatilia, mwezi wa nne ziliisha kabisa 9, mwezi wa kumi na moja ziliisha 2. Kati ya hizo mbili moja msambazaji mwenyewe hakuwa nayo, nyingine ni mimi niliyechelewesha oda.

Dawa zilizoisha muda: mwaka 2023 zilikuwa za sh. 4,150,000, mwaka huu ni sh. 1,380,000, orodha zote mbili mfamasia amesaini. Nimepanga shelfu upya ili inayokaribia kuisha muda ikae mbele itoke kwanza, hata kama imeingia stoo jana, na ikibaki miezi sita namwambia mfamasia ili madaktari wajue ipo. Bila yeye kulifuatilia hili kule wodini namba hii isingeshuka, lazima niseme. Zilizoisha muda zimefungiwa pembeni na lebo yake, zinasubiri taratibu za TMDA ndo ziteketezwe.

Friji nayo naiombea uangalie ile karatasi ya joto mlangoni, inasomwa asubuhi na jioni, pamoja na wikiendi. Oksitosini na insulini zinatakiwa zikae nyuzi 2 mpaka 8, na wengi tunaogopa joto tu tunasahau baridi, insulini ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Nilikuta boksi zimegusa ule ukuta wa nyuma unaogandisha, nikazisogeza mbele na shelfu ya chini nikajaza chupa za maji zishike ubaridi. Umeme ulipokatika usiku mwezi wa saba, asubuhi friji ilisoma 7, hakuna kilichotupwa.

Sasa ninapotakiwa kurekebisha. La kwanza ni kuandika leja papo hapo. Tulipohesabu mwezi wa tisa leja ilisema boksi 46 za glavu, shelfuni zilikuwa 41. Hazikuibiwa, usiku wodi zinachukua bila hati, asubuhi wananiambia kwa mdomo na mimi naandika jioni nikiwa nimeshasahau nusu. Kuanzia Januari nataka kitabu cha hati kikae kwa nesi wa zamu, na mimi nisitoe kitu bila kuandika kwanza, hata foleni ikiwa ndefu.

La pili, hesabu ya oda naijua mimi peke yangu. Nilipokuwa likizo mwezi wa nane oda ilikaa mpaka nikarudi, na hiyo ni hatari kwa hospitali, mtu anaweza kuugua muda wowote. Nilikuwa naona kumfundisha mwenzangu kutanichelewesha, lakini naona nilikosea kufikiri hivyo, mpaka mwisho wa Machi msaidizi wa stoo awe ameandaa oda moja mwenyewe mimi nikimwangalia tu.

La tatu, manesi wamelalamika kwamba nakuwa mkali wakija kuomba vitu nje ya muda. Ni kweli. Mtu anayekimbilia kanula ana mgonjwa kitandani, anatakiwa apewe kwanza, maswali ya hati yafuate baadaye. Nimeshawaomba radhi wa wodi ya wazazi, wa wodi ya watoto bado.

Ninachoomba kwako ni mafunzo ya eksel hata ya siku mbili, maana hesabu zote hizi nafanya kwa kalikuleta, na kipimajoto cha pili cha friji kwa sababu hiki kikifa hatuna kingine.